Kifundo Ndicho Kipimo: Kuchagua Pete na Bangili kwa Kutazama Picha

Mtu anapochagua pete, jicho lake aghalabu huanza na urefu wa vidole, akauliza kama ni vifupi au virefu, vinene au vyembamba, ilhali sonara aliyezoea kazi yake hutazama kwanza vifundo, kwa kuwa pete ina mambo mawili ya kutimiza, kupita kifundoni na kukaa shinani mwa kidole, na tofauti ya unene baina ya mahali hapo pawili ndiyo inayoamua takriban kila jambo lifuatalo. Mwenye vidole vilivyonyooka, ambavyo kifundo na shina vyakaribiana kwa unene, hana taabu kubwa. Mwenye vidole vinavyochongoka kuelekea ncha, shina nene na kifundo kisichotokeza, hana kizuizi cha kumlindia pete yake, nayo ikilegea kidogo tu humtoka siku anapoosha vyombo kwa maji ya baridi. Huyo sharti apewe pete ikamatayo shina barabara. Wa tatu, mwenye vifundo vilivyotokeza na shina jembamba, ndiye ambaye picha humhadaa zaidi, yeye pamoja na amuuziaye, na habari yake ndiyo nitakayoieleza kwa wasaa.

Bibi mmoja akaaye Maskati alitaka pete ya akiki ifuliwe Mombasa, akampelekea sonara picha ya mkono wake wa kulia, ameulaza juu ya meza, na kando yake ameweka kadi ya benki iwe kipimo, kwani kadi hizo zina urefu mmoja ulimwenguni kote, nao ni milimita 85.6. Kidoleni alikuwa amevaa pete ya dada yake, ambayo kwa maelezo yake ilikuwa ikimwingia bila shida, illa katika picha ilionekana imelala, kito kimeangukia upande wa kidole cha mwisho. Jamaa zake walioiona picha ile walisema kwa kauli moja kwamba pete ni kubwa na hiyo mpya ipunguzwe. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, na lau ingefuatwa bibi yule angeletewa pete isiyopita kifundoni kabisa.

Kito kulala upande si dalili ya ukubwa peke yake. Hutokea vilevile pete inapolingana sawasawa na kifundo huku shina likiwa jembamba, na zaidi kito kikiwa kirefu kwenda juu, maana uzito wake huigeuza pete yote. Basi kabla ya kuhukumu, mtazamaji na aangalie kifundo chenyewe: kikiwa kipana kuliko shina kwa namna inayoonekana dhahiri, kama kilivyokuwa katika picha hii, lawama ni ya umbo la kidole, wala si ya kipimo cha pete. Pete iliyobana kweli hujitangaza kwa njia nyingine, nayo ni nyama kuvimba pande zote mbili za bati lake. Tena mtazamaji asiridhike na picha ambayo mkono umeinuliwa juu, kwa sababu damu hushuka na vidole hupungua unene kwa muda huo mfupi, hata pete iliyobana ikaonekana imekaa vyema.

Likaja suala la kipimo. Sonara alipoilinganisha pete na kadi katika picha, upana wa nje wa pete ulitokea kuwa milimita 22. Akiondoa unene wa bati, milimita moja na nusu kila upande, alibakiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 19. Hesabu ni sahihi, walakini msingi wake una dosari. Kadi ililala juu ya meza, na pete ilikuwa juu kidogo, kwani sehemu yake pana kuliko zote iko katikati ya unene wa kidole, yapata milimita 10 kutoka mezani, na kitu kilicho karibu zaidi na kamera huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Simu ilishikwa umbali wa milimita 200 kutoka mezani, kwa hiyo pete ilikuwa umbali wa milimita 190, nayo ikaonekana imezidi kwa asilimia tano hivi. Upana wake wa kweli ulikuwa karibu milimita 21, na kipenyo cha ndani kidogo chini ya 18. Tofauti ya milimita moja yaweza kudhaniwa kuwa ndogo, lakini kwa pete ni zaidi ya saizi nzima.

Kito nacho kilizidishwa zaidi, kwa sababu kilikuwa juu zaidi. Uso wake ulisimama yapata milimita 28 kutoka mezani, na kwa umbali ule mfupi kito cha milimita 12 huonekana cha 14. Hii ndiyo sababu wanunuzi wengi hufungua kisanduku wakahisi wamepunjwa, na hali muuzaji hakudanganya. Ukitaka picha iliyo karibu na kweli, rudisha simu nyuma hata iwe mbali kiasi cha nusu mita au zaidi, kisha ndipo uikuze picha. Na pete unayotaka ipimwe uivue, uilaze juu ya kadi yenyewe, kipenyo cha ndani kionekane wazi.

Hata hivyo pete ya mtu mwingine si kidole chako, na sonara hakukubali kufua mpaka bibi ajipime kwa ukanda wa karatasi wenye upana sawa na bati alilotaka, kwani bati pana huhitaji nafasi zaidi kuliko jembamba. Alimwomba apime jioni, akiwa amekaa nje ya chumba chenye kiyoyozi kwa muda, kwa kuwa baridi husinyaza vidole na joto la Maskati huvivimbisha. Majibu yalikuwa milimita 52 shinani na 58 kifundoni. Ngozi ya kifundo husogea na kukubali kubanwa kidogo, hivyo sonara alichagua mzingo wa 56, unaoingia kwa kuzungushwa pole pole, kisha ndani ya pete, upande wa chini, akaunga vijipunje viwili vya dhahabu, kimoja huku na kimoja huku, vinavyoshika shina na kuizuia pete isigeuke. Kito alikiweka chini, karibu na bati, na bati lenyewe akaliongeza upana kiasi ili lisipotee baina ya vifundo vile vilivyotokeza.

Bangili ina kanuni hiyo hiyo, na hapo watu hukosea zaidi, maana hupima kiwiko cha mkono. Bangili isiyofunguka hupita kwanza penye upana mkubwa wa kiganja. Kunja kidole gumba kielekee kidole cha mwisho, kama uvaavyo, kisha zungusha utepe juu ya vifundo vya kiganja. Bibi yule alipata milimita 190, yaani kipenyo cha 60 na kidogo, ambayo kwa hesabu ya bangili za Kihindi ni mbili-sita, kwa maana ya inchi mbili na sehemu sita za kumi na sita. Kiwiko chake kilikuwa 150 tu. Kwa hiyo picha ikikuonyesha bangili nzima iliyokumbatia kiwiko bila nafasi, jua ama ina bawaba usiyoiona, ama imesukumwa juu kwenye mkono mnene kwa ajili ya picha, na ukiagiza kwa mfano wake utaletewa bangili itakayokwama kwenye kidole gumba.