Namba Ndogo Isipewe Uongozi

Uchanganuzi wa LU huigawa matriksi ya milinganyo kuwa matriksi mbili za pembetatu: L, inayohifadhi vizidishi vilivyotumika kuondoa vigeu, na U, inayobaki baada ya uondoaji huo. Kila hatua huanza na namba moja iitwayo egemeo, ambayo namba zilizo chini yake hugawanywa kwayo ili kupata vizidishi. Hatari yote imejificha kwenye mgawanyo huo.

Chukua milinganyo hii miwili:

```
0.0001x + y = 1
      x + y = 2
```

Jibu sahihi ni x na y zinazokaribia sana 1. Sasa tuseme kikokotoo kinabakiza tarakimu tatu tu za maana kila baada ya hesabu. Egemeo likiwa 0.0001, kizidishi kinakuwa 10000. Mlinganyo wa kwanza ukizidishwa kwa namba hiyo na kutolewa kwenye wa pili, kipimo cha y ni 1 − 10000, yaani −9999, ambacho kwa tarakimu tatu kinaandikwa −10000. Upande wa kulia, 2 − 10000 nayo inakuwa −10000. Basi y = 1, na ukirudi juu unapata x = 0. Jibu limeharibika kabisa, ingawa hakuna aliyekosea kujumlisha.

Ukizidisha L na U zilizopatikana, kosa linaonekana waziwazi: namba ya chini kulia, iliyokuwa 1, imegeuka 0. Ile 1 ilimezwa na 10000, na taarifa iliyokuwa ndani ya mlinganyo wa pili ikapotea nayo. Kikokotoo kimetatua milinganyo mingine, si ile iliyotolewa.

Dawa ni kubadilishana mistari. Kabla ya kila hatua, hutafutwa namba yenye ukubwa kuzidi zote (bila kujali alama yake) katika safu wima husika, kuanzia mstari wa egemeo kwenda chini, na mstari wake hupandishwa. Hapa 1 inakuwa egemeo na kizidishi ni 0.0001. Kipimo kipya cha y ni 0.9999, kinachokadiriwa kuwa 1.00, upande wa kulia 0.9998 nayo ni 1.00. Hivyo y = 1 na x = 1. Makosa ya kukadiria bado yapo, lakini ni madogo.

Siri ni kwamba vizidishi havizidi 1 kwa ukubwa, hivyo namba za U kwa kawaida hazivimbi kwa kasi. Kinadharia, kwa milinganyo n zinaweza kukua hadi mara 2^(n−1), na James Wilkinson alionyesha matriksi inayofikia kikomo hicho. Katika kazi za kawaida ukuaji wa namna hiyo ni nadra mno, ndiyo maana programu nyingi hutumia njia hii bila kusita. MATLAB hurejesha pia matriksi P, inayoandika mabadilishano ya mistari:

```
[L,U,P] = lu(A)
```

Hata hivyo, milinganyo ambayo mistari yake kwenye grafu inakaribia kulala sambamba itabaki nyeti. Hapo tatizo liko kwenye milinganyo yenyewe, na kubadilishana mistari hakuliondoi.