Nyota, Reli na Simu ya Kuazima

Tuseme ni saa mbili usiku, Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Basi la Mbeya limeshusha abiria, na kijana mwenye begi mgongoni anamfuata mama anayeuza chai. "Shikamoo mama. Simu yangu imeisha chaji, naomba nimpigie kaka anifuate. Dakika moja tu." Mama anafungua simu, anampa. Kijana anabonyeza, anasikiliza, anasema hapokelewi, anashukuru na kuondoka. Salio halijapungua hata shilingi.

Watu wengi wakiazimisha simu huogopa mambo mawili: mkopaji kutimua nayo mbio, au kuhamisha hela. La kwanza hutokea, na dawa yake ni kutoiachia mkononi. La pili ni gumu kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu M-Pesa na wenzake hawatoi hela bila namba ya siri. Kinachosahaulika ni huduma moja ya zamani isiyodai namba ya siri yoyote: kuelekeza simu zinazoingia kwenye laini nyingine.

Kwa mitandao mingi hufanywa kwa kuandika hivi, kisha kubonyeza kitufe cha kupiga:

```
**21*namba#
```

Ni kazi ya sekunde chache. Skrini hutoa ujumbe mfupi, mkopaji anaufuta, kisha anapiga namba yoyote ile ili aonekane alikuja kupiga simu. Kuanzia hapo anayempigia mama wa chai anapokelewa na mtu mwingine. Kuzima simu na kuiwasha hakusaidii, maana agizo limehifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu.

Meseji hazihamishwi, zinaendelea kuingia kwa mwenyewe. Basi tapeli anapata nini? Anapata WhatsApp. Anaisajili namba ya mama kwenye simu yake, anaacha ile meseji yenye tarakimu sita ipite, halafu anachagua asomewe tarakimu hizo kwa kupigiwa. Simu hiyo ya kusomewa inamfikia yeye. Muda si mrefu ndugu na wateja wanaanza kupokea ujumbe wenye picha ya mama: nimekwama, nitumie laki moja kwenye namba hii, kesho narudisha.

India iliona tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba serikali yake iliagiza kampuni za simu zisimamishe uelekezaji wa simu kwa njia ya nyota na reli kuanzia tarehe 15 Aprili 2024.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji ujuzi wowote. Tanzania ilizima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole kuanzia Januari 2020, kwa hiyo kila namba ina mtu anayejulikana nyuma yake. Mgeni akipiga simu ya vitisho au ya utapeli, kumbukumbu zitaonyesha namba ya aliyemwazima. Vivyo hivyo kwa anayeomba atumiwe nauli kupitia simu ya mwenzake, kisha akabidhiwe taslimu: huenda aliyetuma ndiye aliyetapeliwa, na jina aliloliona wakati wa kutuma ni la yule msamaria. Ombi hilo ni la kukataa bila kuona haya.

Kusaidia kunawezekana. Mgeni aitaje namba, mwenye simu aibonyeze mwenyewe na kuweka spika, simu ikiwa mkononi mwake. Aulize kwanza jina la anayepigiwa, kisha aanze yeye kuongea: "Niko na mdogo wako hapa stendi." Mwenye shida ya kweli huwa hajali nani ameshika simu. Namba ikianza na nyota au reli, mazungumzo yaishie hapo. Kama mgeni anataka faragha, apewe hela ya vocha, au atafutiwe kibanda cha kuchajia simu.

Aliyekwisha kuazimisha na sasa ana wasiwasi apige *#21#, ataonyeshwa kama simu zake zinaelekezwa kwingine. Kufuta maelekezo yote ni ##002#. Mtandao ukigoma kupokea namba hizo, huduma kwa wateja wanaweza kufanya hivyo. Dalili za mapema ni simu kukaa kimya kusiko kawaida, na rafiki kulalamika kwamba alipopiga alipokea mtu asiyemjua.

Kinga ya WhatsApp iko kwenye mipangilio ya akaunti, panapoandikwa uthibitishaji wa hatua mbili: tarakimu sita anazojichagulia mwenyewe, ambazo hazisomwi kwa simu wala kutumwa kwa meseji. Kama akaunti imekwisha kuibwa, uelekezaji ufutwe kwanza, kisha WhatsApp isajiliwe upya kwa tarakimu za meseji. Mwizi atatolewa papo hapo. Lakini akiwa amewahi kuweka tarakimu zake za hatua ya pili, mwenye namba atasubiri siku saba kabla ya kuingia. Katika siku hizo ndugu wapigiwe simu ya kawaida na kuonywa, na namba iliyoombewa hela itumwe kwa meseji kwenda 15040.