Kaburi la Zeu, Taya la Kibuuka

Nadharia ya Euhemero inasema kwamba miungu ya kale ilikuwa watu. Walikuwa wafalme, majemadari na mashujaa waliotukuzwa walipokuwa hai, wakajengewa mahekalu walipokufa, na baada ya vizazi kadhaa hakuna aliyekumbuka kwamba waliwahi kuzaliwa. Mwenye nadharia, Euhemero, alikuwa Mgiriki aliyeishi karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo na kufanya kazi katika utawala wa Kasandro, mfalme wa Makedonia. Kitabu chake kimepotea. Kilichobaki ni muhtasari wa mwanahistoria Diodoro wa Sisilia, na vipande vya tafsiri ya Kilatini ya mshairi Enio ambavyo mwandishi Mkristo Laktanti alivinukuu karne nyingi baadaye.

Katika kitabu hicho Euhemero alisimulia safari ya baharini hadi kisiwa cha Pankaya, ng'ambo ya Arabuni, ambako ndani ya hekalu la Zeu palisimama nguzo ya dhahabu. Juu yake yalichongwa matendo ya wafalme watatu waliofuatana: Urano, mwanawe Krono, na mjukuu Zeu. Zeu alizunguka dunia, akaweka sheria, akafanya urafiki na watawala wa kila nchi, kisha akafia Krete na kuzikwa Knoso. Kisiwa chenyewe hakikuwahi kuonekana na baharia mwingine yeyote, na hata watu wa kale walimcheka mtunzi kwa hilo. Mshairi Kalimako, katika utenzi wake wa kumsifu Zeu, aliwaita Wakrete waongo kwa sababu walithubutu kumjengea kaburi mungu asiyekufa. Lawama ya namna hiyo kwa Wakrete imo pia katika Waraka wa Paulo kwa Tito.

Wazo hilo lilizaliwa kwa wakati wake. Aleksanda Mkuu alikuwa amefariki mwaka 323 kabla ya Kristo akiwa tayari anapewa heshima za kimungu, na mwaka 307 Waathene walimfanyia ibada jemadari Demetrio angali hai. Mtu aliyeona kwa macho yake binadamu akigeuzwa mungu hakuwa na kazi kubwa kudhani kwamba Zeu naye alipitia njia hiyohiyo. Baadaye viongozi wa Kanisa waliikumbatia nadharia hiyo kwa furaha, kwani iliwapa silaha iliyotengenezwa na wapagani wenyewe.

Ugumu wake ni kwamba inaweza kutumika kwa hadithi yoyote. Ukiondoa miujiza katika kisa, kinachobaki karibu kila mara ni mtu, lakini mtu huyo ametengenezwa na kisu cha aliyeondoa. Ukimwondolea sungura wa ngano uwezo wa kusema, utapata sungura wa kawaida, na bado hujathibitisha kwamba aliwahi kuishi. Kwa hiyo wataalamu hutafuta ushahidi ulio nje ya hadithi: maandishi au vitu vya enzi ya mhusika, muda uliopita kati ya maisha yake na ibada yake, masimulizi ya majirani, na historia ya jina lenyewe.

Zeu, mfano mkuu wa Euhemero, anashindwa katika kipimo cha jina. Wahindi wa kale walimwita mungu wa anga Dyaus Pita, yaani Baba Anga. Warumi walikuwa na Jupita, jina lililoungana kutokana na maneno ya asili hiyohiyo. Na Wagiriki walimwomba Baba Zeu. Lugha hizo ni ndugu, na sauti zake zinalingana kwa kanuni zinazojulikana, kiasi kwamba wanaisimu wanaweza kurudi nyuma hadi jina moja lenye maana ya anga ya mchana. Jina hilo lilitajwa katika maombi kabla Wagiriki hawajawa Wagiriki wala kufika Krete. Mfalme wa Krete hawezi kuwa chanzo cha mungu aliyekuwa akiabudiwa na mababu wa Wahindi. Kaburi la Knoso linaeleza jambo fulani kuhusu Wakrete, pengine kwamba walikuwa na mungu wao wa kufa na kufufuka ambaye baadaye alipewa jina la Zeu.

Misri inatoa jibu tofauti. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo Wamisri walimwabudu Imhotep, mwana wa mungu Pta, na wagonjwa walilala katika hekalu lake wakisubiri ndoto ya kuwaponya. Wagiriki walimlinganisha na Asklepio, mungu wao wa tiba. Mapokeo yalisema kwamba aliwahi kuwa mtumishi wa Mfalme Djoser, aliyetawala takriban mwaka 2650 kabla ya Kristo, na kwamba ndiye aliyebuni piramidi ya ngazi ya Sakara. Yalikuwa madai ya zaidi ya miaka elfu mbili baada ya tukio, na peke yake yasingetosha.

Mwaka 1926 wachimbaji wa Sakara walipata kitako cha sanamu ya Djoser. Sanamu yenyewe ilikuwa imevunjika, zimebaki nyayo tu. Mbele ya nyayo hizo yamechongwa majina ya mfalme, na kando yake jina la Imhotep pamoja na vyeo vyake: mtunza mhuri wa mfalme, wa kwanza baada ya mfalme, msimamizi wa kasri kuu, kuhani mkuu wa Heliopoli. Si kawaida jina la mtumishi kuwekwa kwenye sanamu ya mfalme namna hiyo. Jiwe hilo ni la enzi ya Djoser mwenyewe, na waliolichonga hawakuwa na habari ya mungu yeyote aitwaye Imhotep. Hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote, kwa sababu shahidi hakuweza kuathiriwa na ibada iliyokuja baadaye.

Hata hivyo, vyeo hivyo havitaji uganga. Waandishi wa karne za kati walimheshimu Imhotep kama mwenye hekima na mlinzi wa kazi yao, na sifa ya uponyaji ikafuata. Euhemero angeshinda shauri hili, lakini ushindi wake ni wa nusu: mtu alikuwepo, na kazi ya mungu haikutoka kwa mtu huyo. Anayejaribu kuandika wasifu wa mganga Imhotep kwa kutazama hekalu lake ataandika wasifu wa mtu asiyekuwepo.

Kati ya Zeu na Imhotep ndipo kesi nyingi zilipo, na mojawapo iko karibu na Ziwa Viktoria. Waganda walimheshimu Kibuuka, lubaale wa vita, mwenye hekalu Mbaale katika Mawokota. Masimulizi yanasema Kabaka Nakibinge alibanwa na Wanyoro akaomba msaada visiwa vya Ssese. Mukasa, lubaale wa ziwa, akamtuma mdogo wake Kibuuka, akimwonya asijihusishe na wanawake wa Kinyoro. Kibuuka alipaa hadi ndani ya wingu na kuwapiga maadui kutoka juu. Kisha akamchukua mateka mwanamke. Yule akaona anakojificha, akatoroka na kuwaambia watu wake. Siku ya vita wapiga mishale wa Bunyoro walilenga wingu. Kibuuka alianguka juu ya mti huko Mbaale akafa, na Nakibinge naye akauawa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari John Roscoe alipata masalia ya hekalu hilo, likiwemo taya, akayapeleka katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1907 akachapisha maelezo yake. Rafiki yake James Frazer, mwandishi mashuhuri wa dini na desturi, aliona shauri limekwisha: mungu mwenye mifupa alikuwa mtu. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, masalia yalirudishwa nyumbani.

Taya linathibitisha nini hasa? Linaonyesha kwamba binadamu fulani alikufa na mfupa wake ukatunzwa kwa heshima. Desturi hiyo inajulikana vizuri, kwani taya za makabaka ziliondolewa na kuhifadhiwa katika nyumba maalumu, kwa imani kwamba roho hukaa karibu nalo. Ina maana pia kwamba hekalu lililotaka kumpa lubaale hadhi ya kabaka lingehitaji taya, na mfupa hausemi ulikuwa wa nani. Kupima kaboni ya mfupa hutoa makadirio ya wakati mwenyewe alipokufa, lakini kwa karne tatu zilizopita kipimo hicho huwa na utata, na kwa vyovyote hakitoi jina.

Njia ya pili ni orodha ya wafalme, iliyochapishwa na Apolo Kaggwa mwaka 1901. Wanahistoria huhesabu vizazi kurudi nyuma kutoka kwa Mutesa wa Kwanza, aliyefariki 1884, na kumweka Nakibinge katika karne ya 16. Hesabu hiyo hutegemea urefu wa kizazi: ukichukua miaka 25 badala ya 30, kwa vizazi kumi tu tarehe imesogea miaka 50. Mapokeo ya Bunyoro nayo yanasema Nakibinge aliuawa katika vita na Wanyoro, jambo linaloonekana kuwa ushahidi wa jirani. Ila yaliandikwa baada ya kitabu cha Kaggwa kuenea, na David Henige, mtaalamu wa masimulizi ya mdomo, alionyesha jinsi kitabu kilichochapishwa kinavyorudi midomoni mwa wazee na kusimuliwa kama urithi wa kale. Vita basi vinaaminika kwa kiasi. Kibuuka ndani yake hajathibitishwa, na jina lake, linalotokana na kitenzi cha Kiganda cha kuruka, linafanana mno na kitendo chake kiasi cha kutia shaka.

Kuna uwezekano ambao Euhemero hakuufikiria: mungu kugeuzwa mfalme. Mwaka 1958 Christopher Wrigley alipinga maoni ya kawaida kwamba Bachwezi, wanaosimuliwa kuwa watawala wa Kitara kabla ya Wababito, walikuwa nasaba halisi. Kwake hao walikuwa miungu, na wasimulizi wa historia za kifalme waliwashusha duniani ili wafalme wa baadaye wawe na watangulizi watukufu. Wapinzani walielekeza kidole Bigo, karibu na mto Katonga, kwenye mahandaki makubwa ya udongo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, ambayo mapokeo huyahusisha na Wamara, Mchwezi wa mwisho. Uchimbaji wa Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960 ulionyesha kwamba watu waliishi hapo kati ya karne ya 14 na ya 16 takriban.

Mahandaki yanahitaji nguvukazi nyingi na mtu wa kuipanga, kwa hiyo mamlaka fulani ilikuwepo. Lakini katika ardhi ya Bigo hakuna maandishi, na hakuna kitu kinachofanya kazi ya kitako cha sanamu cha Sakara. Jina la Wamara liliunganishwa na mahandaki hayo na watu walioyakuta yakiwa tupu, nao walikuwa tayari wakimtambikia Wamara.