Siku Sitini za Mali Kauli

Januari 2020, wadai wa Nakumatt walipiga kura kuifilisi kampuni hiyo, iliyowahi kuwa mnyororo mkubwa wa maduka makuu nchini Kenya. Tangu Januari 2018 ilikuwa chini ya msimamizi. Miongoni mwa wadai hao walikuwamo waliokuwa wakiipelekea bidhaa zao kwa mkopo: mali imeondoka ghalani, imepangwa rafuni, imeuzwa, na malipo hayajaonekana.

Hakuna aliyewalazimisha wauzaji kukopesha. Walipiga hesabu wakaona inalipa: mteja akiongezewa siku za kulipa atachukua mzigo mkubwa zaidi. Hesabu hiyo si ya kijinga, na mara nyingi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba wengi huipiga nusu. Huhesabu faida ya mauzo mapya, wakatoa madeni yatakayopotea, wakaishia hapo. Wanachosahau ni kalenda.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa muuzaji wa jumla wa Kariakoo anayeuza ndoo, mabeseni na madumu ya plastiki kwa wenye maduka wa mikoani. Kwa mwezi anauza mali ya shilingi milioni 100, kodi ya ongezeko la thamani ikiwekwa kando. Kuinunua na kuisafirisha kunamgharimu milioni 80, na hizo anazilipa papo hapo. Wateja huchukua mali kauli na kulipa baada ya siku 30. Katika kila shilingi 100, moja hairudi. Sasa wateja wanamwambia jirani anatoa siku 60. Anakadiria kwamba naye akitoa siku 60 mauzo yatapanda hadi milioni 120 na gharama ya mali itafika milioni 96, ila madeni yasiyolipwa yatapanda kutoka asilimia 1 hadi 3.

Kwa hesabu ya haraka, leo anapata milioni 99, anatoa 80, anabaki na 19. Akibadilisha masharti atapata milioni 116.4, atoe 96, abaki na 20.4. Faida imeongezeka kwa milioni 1.4 kila mwezi. Nani angekataa?

Lakini milioni 116.4 zinakuja baada ya miezi miwili, na 96 zimeshatoka leo. Tuseme mtaji wake unatoka benki kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwake yeye, shilingi 101.50 za mwezi ujao ni sawa na shilingi 100 za leo. Kupata thamani ya leo ya fedha itakayokuja baada ya mwezi mmoja, anaigawa kwa 1.015. Ikichelewa miezi miwili, anagawa kwa 1.015 mara mbili, yaani kwa 1.0302.

Kwa masharti ya zamani, milioni 99 za mwezi ujao ni milioni 97.54 za leo. Toa 80, zinabaki 17.54. Kwa masharti mapya, milioni 116.4 ni milioni 112.99 za leo. Toa 96, zinabaki 16.99. Ile faida ya milioni 1.4 imegeuka hasara ya zaidi ya nusu milioni kila mwezi, ingawa ghala limechangamka na madereva hawapumziki.

Imepotelea wapi? Sehemu kubwa imekwenda kwa wateja wa zamani. Hao walikuwa wakilipa baada ya siku 30 bila shida, na walikuwa wakinunua zile milioni 100 hata bila ofa. Sasa nao wanapewa mwezi wa ziada bure, kwa sababu ni vigumu kumpa mgeni siku 60 na kumwambia mteja wa miaka kumi abaki na 30. Zawadi hiyo peke yake inagharimu milioni 1.44. Mauzo mapya, baada ya kutoa madeni na kuchelewa, yanaleta kama laki tisa tu.

Hapo kuna jambo jingine linalojificha ndani ya wastani. Asilimia 3 ya milioni 120 ni milioni 3.6. Kama wateja wa zamani bado wanapoteza milioni 1 yao ileile, basi milioni 2.6 zinapotea kwa wateja wapya walionunua milioni 20. Hiyo ni asilimia 13. Mfanyabiashara akiambiwa kwamba madeni yatapanda hadi asilimia 3 huenda akakubali. Akiambiwa kwamba wageni wanaoletwa na ofa hii watamdhulumu shilingi 13 katika kila 100, ataanza kuuliza ni akina nani hao na kwa nini walikuwa hawanunui kwa masharti ya siku 30.

Hesabu hii pia humpa mpaka. Madeni yakiwa asilimia 2 badala ya 3, anabaki na milioni 18.15, na ofa inalipa. Mpaka uko karibu na asilimia 2.5. Ila mpaka huo unadai kwamba siku 60 ziwe siku 60 kweli. Hata kwa madeni ya asilimia 2, wateja wakizoea kulipa siku ya 90, kilichobaki kinashuka hadi milioni 16.46, chini ya alichokuwa akipata zamani. Hakuna aliyetoroka na deni, kila mtu amelipa, na bado biashara imerudi nyuma. Huko Kenya kero hii ilifika hadi Bungeni: marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yaliweka kumcheleweshea muuzaji malipo bila sababu ya msingi katika orodha ya matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi.

Thamani ya sasa, hata hivyo, haioni kila kitu. Masharti yakibadilika Februari, mali ya Januari italipwa Februari, na mali ya Februari italipwa Aprili. Machi hakuna fedha inayoingia, na mzigo wa milioni 96 unatakiwa ununuliwe. Kodi nayo haisubiri mteja: Tanzania, kodi ya ongezeko la thamani kwa mauzo ya mwezi mmoja hudaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au la. Ofa inayolipa kwenye karatasi inaweza kumuua mtu Machi kama benki haikumwongezea kikomo.

Kisha kuna suala la Nakumatt. Asilimia 2 ya madeni mabaya ina maana pale wateja wanapokuwa mia na kila mmoja ana deni dogo. Pale nusu ya mauzo inapokwenda kwa mteja mmoja, hakuna wastani. Kuna kulipwa au kutolipwa.

Anayeamua kujaribu na afungue daftari la wateja wapya peke yao, akipanga madeni kwa umri: yasiyofika siku 60, yaliyozidi 60, yaliyozidi 90. Safu ya tatu ndiyo ya kutazamwa kuanzia mwezi wa nne, kwa sababu kabla ya hapo haiwezi kuonyesha chochote, na hiyo miezi mitatu ya kwanza hudanganya wengi. Kiwango cha kusitisha kiwekwe kabla ya ofa kuanza, maana kurudi nyuma ni kugumu. Mteja anayerudishwa kwenye siku 30 hujikuta katika mwezi mmoja akidaiwa ankara mbili, ile ya siku 60 inayoiva na ile mpya ya siku 30, na mwenye duka dogo huenda asiwe na fedha za zote mbili.