Barua kwa Waebrania: nani aliiandika, lini, na kwa nani?

Ukisikiliza mahubiri hapa kwetu, kutoka Kilo na Mongbwalu mpaka Bunia, mara kwa mara utasikia muhubiri akisema: "Paulo anatuambia katika Waebrania." Wengi hatushangai, kwa sababu Biblia zinaweka barua hiyo nyuma tu ya barua za Paulo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika hata jina la Paulo kwenye kichwa chake. Lakini soma barua yenyewe, tangu sura ya 1 mpaka ya 13. Jina la Paulo halimo, hata mara moja.

Juu ya nini tujisumbue na jambo hilo? Fungua sura ya 6, mstari wa 4 mpaka wa 6. Pale mwandishi anasema kwamba watu walioonja imani kisha wakaanguka, haiwezekani kuwarudisha tena kwenye toba. Maneno hayo yameumiza watu tangu zamani. Mwaka 250 Kaisari Dekio aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Wakristo wengi waliogopa kufa, wakatoa. Mateso yalipopungua, wakataka kurudi kanisani. Padri mmoja wa Roma, Novasiano, akakataa wapokelewe, na nyuma yake wafuasi wake wakashika mistari hii kama sheria. Ubishi ulikuwa mkali hata katika karne ya 4 Askofu Filastrio wa Bresha, kule Italia, aliandika kwamba kuna makanisa yasiyosoma Waebrania mbele ya watu, sababu moja ikiwa ni hao wafuasi wa Novasiano.

Basi kuuliza nani aliandika, lini na kwa nani, si mchezo wa wasomi tu. Mtu akijua barua ilitumwa kwa watu gani, anaweza kujua onyo lake lilikuwa linamlenga nani.

Wanahistoria wanafanya kazi hii namna sisi tungefanya na barua isiyo na jina iliyofika kwa chifu. Kwanza wanatafuta ushahidi wa ndani: barua yenyewe inaonyesha nini juu ya mwandishi wake? Halafu wanatafuta ushahidi wa nje: watu wa karibu na wakati ule walisema nini? Na wanashika kanuni moja: alama inayoweza kueleweka namna mbili haitoshi kukata maneno.

Tuanze na mwandishi. Barua 13 zenye jina la Paulo zote zinaanza kwa jina hilo. Waebrania haina jina wala salamu za mwanzo. Inaingia moja kwa moja kwenye fundisho. Watu wa zamani waliliona hilo. Klementi wa Aleksandria, kule Misri, karibu na mwaka 200, alijaribu kulieleza: alisema Paulo alificha jina kwa sababu Waebrania walikuwa hawamwamini, na kwamba aliandika kwa Kiebrania, kisha Luka akatafsiri kwa Kigiriki.

Maelezo hayo tunaweza kuyapima wenyewe, na Biblia ya Kiswahili tu. Soma Waebrania 10:5. Mwandishi anachukua maneno ya Zaburi ya 40, na ndani yake kuna neno "mwili": Mungu ameandaa mwili. Sasa rudi kwenye Zaburi ya 40 yenyewe, mstari wa 6, au wa 7 katika Biblia nyingine. Hapo utakuta habari ya masikio, si ya mwili. Imekuwaje? Zaburi katika Biblia zetu imetafsiriwa kutoka Kiebrania, na Kiebrania kinasema masikio. Lakini Wayahudi waliokaa mbali na Yerusalema walikuwa na tafsiri yao ya Kigiriki, na ndiyo iliyokuwa na neno mwili. Mwandishi wetu alikuwa na hiyo mkononi. Na hakuitumia kwa bahati tu: mistari mitano mbele, 10:10, fundisho lake lote linasimama juu ya mwili wa Kristo uliotolewa sadaka. Ukiweka masikio, fundisho linaanguka. Kumbe barua hii ilifikiriwa na kuandikwa kwa Kigiriki tangu mwanzo. Habari ya kutafsiriwa kutoka Kiebrania haisimami.

Alama ya pili ni nzito zaidi. Katika 2:3 mwandishi anasema kwamba wokovu ulitangazwa kwanza na Bwana, kisha "sisi" tukathibitishiwa na wale waliomsikia. Yaani anajiweka kati ya watu waliopokea habari kwa mkono wa pili. Paulo asingesema hivyo. Katika Wagalatia 1:11-12 anapigana kuonyesha kwamba injili yake hakuipokea kwa mwanadamu. Tena, Yesu kama kuhani mkuu, ambaye ni moyo wa Waebrania, haonekani kwa jina hilo katika barua yoyote ya Paulo.

Origene, mwanafunzi mkubwa wa Maandiko kule Aleksandria katika karne ya 3, alijua Kigiriki tangu utoto. Alisema mawazo yanastahili mtume, lakini Kigiriki si cha Paulo, na kwamba nani hasa aliandika, Mungu ndiye anajua. Leo watafiti wengi sana wanakubali kwamba si Paulo.

Basi ni nani? Tertuliano wa Kartago, Afrika ya Kaskazini, aliitaja kama barua ya Barnaba. Inaweza kupendeza, maana Matendo 4:36 inasema Barnaba alikuwa Mlawi, na barua hii imejaa habari za makuhani. Martin Luther, katika karne ya 16, alidhani ni Apolo, ambaye Matendo 18:24 inamtaja kama Myahudi wa Aleksandria, mtu wa maneno mazuri. Mwaka 1900 Mjerumani Adolf von Harnack alimpendekeza Prisila. Lakini katika 11:32 mwandishi anajisema kwa neno ambalo kwa Kigiriki lina umbo la mwanamume. Katika Kiswahili hatuwezi kuliona, kwa kuwa "mimi" wa mwanamume na "mimi" wa mwanamke ni mmoja. Kuhusu Barnaba na Apolo, shida ni nyingine: hatuna karatasi yoyote waliyoiandika ambayo tunaweza kuiweka kando ya Waebrania na kulinganisha. Kwa hiyo majina hayo yanabaki kuwa dhana.

Tuje kwenye tarehe. Hapa watu wanatafuta ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma. Ukuta wa mbele unatoka Roma. Kanisa la Roma liliwaandikia Wakorinto barua inayoitwa ya Klementi wa Roma, ambaye si yule wa Aleksandria. Kwa kawaida inawekwa karibu na mwaka 96, na sura yake ya 36 imechota waziwazi kutoka Waebrania sura ya 1. Basi Waebrania ilikuwa tayari inasomwa wakati huo. Ukuta wa nyuma uko ndani ya barua: wasomaji ni wa kizazi cha pili, viongozi wao wa kwanza wamekwisha kufa (13:7), lakini Timoteo, mwenzake Paulo, bado anaishi (13:23).

Tunaweza kukaza zaidi? Wengi wanataja hekalu la Yerusalema, ambalo Waroma walilibomoa mwaka 70. Mwandishi anasema makuhani "wanatoa" sadaka, na katika 10:2 anauliza kama zisingekoma. Mtu ataona ni wazi: hekalu bado limesimama. Lakini kuwa mwangalifu. Mwandishi hazungumzi hata mara moja juu ya hekalu. Anazungumza juu ya hema la Musa. Tena Yosefu, mwanahistoria Myahudi, aliandika juu ya sadaka zile kwa namna hiyohiyo miaka zaidi ya 20 baada ya hekalu kuanguka. Ni alama ya njia mbili. Inaelekeza kabla ya mwaka 70, lakini haifungi mlango.

Inabaki swali la wasomaji. Kichwa "kwa Waebrania" kiliwekwa na wanakili, si na mwandishi. Kinaonekana tayari katika P46, kitabu cha mafunjo kutoka Misri cha karibu mwaka 200, ambacho kinaweka barua hii nyuma tu ya Warumi. Alama bora iko mwishoni, 13:24: watu wa kutoka Italia wanawasalimu. Nayo ina njia mbili. Tufikiri mtu wa Kilo aliyekimbilia Bunia anaandika barua: "Watu wa Kilo wanawasalimu." Kama anaandikia ndugu waliobaki nyumbani, anamaanisha wenzake wa Kilo walio pamoja naye Bunia. Lakini mtu aliye Kilo mwenyewe, akiandikia Kisangani, anaweza kusema maneno yaleyale. Hivyo salamu hii inaweza kutoka Italia au kwenda Italia. Kinachosaidia ni ule ushahidi wa nje: pahali pa kwanza tunapoona barua ikitumika ni Roma. Ukiunganisha viwili hivyo, watafiti wengi wanaelekea kusema ilitumwa kwa kundi la Wakristo wa Roma. Si hakika kabisa, lakini ndiyo njia yenye uzito zaidi.

Na kundi hilo lilikuwa katika hali gani? Sura ya 10, mistari 32 mpaka 34, inasema zamani walitukanwa, wengine wakafungwa, wakanyang'anywa mali, na walisimama imara. Sasa wamechoka. Wengine wameacha kukusanyika (10:25). Lakini bado hawajafikia kumwaga damu (12:4), na katika 6:9, mara tu baada ya onyo lile kali, mwandishi anasema ana matumaini mema juu yao.

Hapo ndipo uchunguzi unarudi kwenye mistari yetu ya sura ya 6. Iliandikwa kwa watu waliokuwa ndani bado, wakiyumba, ili wasitoke. Mwandishi mwenyewe anaita kazi yake neno la kuonya (13:22). Novasiano na wafuasi wake walikuwa na watu wa namna nyingine mbele yao: waliokwisha kutoka, wakalia, wakaomba kurudi. Historia haiwezi kukata maneno ya makanisa juu ya nani apokelewe. Kuna mistari mingine mikali katika barua hiyohiyo, kama 10:26 na 12:17, na kila kanisa lina fundisho lake. Lakini yule anayetaka kutumia mistari ya sura ya 6 kumfungia mtu mlango, ajue kwanza kwamba haikuandikwa kwa mtu anayebisha hodi, na kwamba jina la Paulo haliwezi kuongezwa juu yake ili iwe nzito zaidi.

Kwa muhubiri anayetaka kusema sawasawa, neno ni fupi: "Mwandishi wa Waebrania anasema."