Jina Moja, Maandishi Matatu: Eleza Mapema Kabla ya Uhakiki wa Vyeti



Katika ofisi yetu ya maendeleo tumezoea kumwona mtu akiingia na bahasha chini ya kwapa na barua ya mwajiri mkononi. Barua inasema vyeti vyake vitahakikiwa, alete nakala zote kwa muda wa siku kadhaa. Ukimwuliza, atakwambia vyeti ni vyake kabisa, alikaa darasani mwenyewe. Basi anaogopa nini? Anaogopa kwa sababu cheti kimoja kinasema Teresia, kingine Theresia, na kitambulisho kina tarehe nyingine ya kuzaliwa.

Hofu hiyo ina msingi. Mwezi wa Oktoba 2022 Tume ya Utumishi wa Umma iliagiza ofisi za serikali zihakiki vyeti vya watu walioajiriwa katika miaka kumi iliyotangulia, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vimepatikana kuwa bandia. Tangu hapo makarani wanaangalia kwa jicho kali. Katika toleo hili tunaeleza jinsi mtu mwaminifu anavyoweza kujieleza kabla hajaulizwa.

KARANI ANAULIZA MASWALI MAWILI

Swali la kwanza: je, karatasi hii ni ya kweli? Mwajiri hutuma nakala ya cheti kwa waliokitoa, yaani Baraza la Mitihani au chuo. Wao huangalia nambari ya mtahiniwa na jina katika vitabu vyao, halafu hujibu kama cheti ni chao au si chao.

Swali la pili: je, mwenye karatasi hii ni wewe? Hapo Baraza la Mitihani haliwezi kukusaidia. Litasema kweli Theresia Nekesa alifanya mtihani mwaka fulani, lakini halijui kama Teresia Nekesa Wafula aliye kazini leo ndiye huyo. Jibu la swali hili liko mikononi mwako.

Shida inaanzia hapa. Karani akiona tofauti mwenyewe, naye hana maelezo yoyote ndani ya faili, anaandika kwamba majina hayalingani. Maneno hayo yakishapanda juu, wewe ndiwe wa kujitetea. Lakini maelezo yako yakiwa yametangulia ndani ya faili, na yana muhuri na tarehe ya kabla ya uhakiki, karani anayasoma pamoja na cheti. Tofauti ni ile ile, lakini haionekani tena kama jambo lililofichwa.

MFANO WA TERESIA

Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe. Teresia Nekesa Wafula ni mwalimu wa shule ya nasari, ameajiriwa na kaunti. Kabla ya kitu kingine anatandaza vyeti vyote mezani na kunakili kila kimoja, herufi kwa herufi, bila kurekebisha chochote:

Cheti cha kuzaliwa: Teresia Nekesa Wafula, 12/3/1986.
Cheti cha darasa la nane, 2000: Theresia Nekesa.
Cheti cha kidato cha nne, 2004: Theresia Nekesa Wafula.
Cheti cha ualimu wa nasari, 2008: Teresa N. Wafula.
Kitambulisho: Teresia Nekesa Wafula, 3/12/1986.

Sasa mambo yanaonekana wazi. Kuna tofauti ya herufi tu: Teresia, Theresia, Teresa. Tunajua inavyotokea. Mwalimu aliandikisha watahiniwa jinsi alivyosikia, au mtu aliongeza "h" kwa kudhani ndivyo jina la mtakatifu linavyoandikwa. Pili, kuna jina lililoachwa, maana Wafula hayumo kwenye cheti cha darasa la nane, na Nekesa amekuwa "N" kwenye cheti cha chuo. Tatu kuna tarehe, na hii ndiyo nzito.

TAREHE HAISHUGHULIKIWI KAMA HERUFI

Katika utumishi wa umma mtu hustaafu akiwa na miaka 60. Kwa tarehe ya 12 Machi, Teresia anastaafu Machi 2046. Kwa tarehe ya 3 Desemba, anastaafu Desemba 2046. Hiyo ni karibu miezi tisa ya mshahara, na ndiyo sababu karani akiona tarehe mbili hushuku kwamba mtu anajiongezea muda. Kuapa tu kwamba ulizaliwa Machi hakutoshi. Lazima uonyeshe karatasi ya zamani iliyoandikwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa anafikiria kazi wala pensheni.

Ukitazama vizuri utaona siku na mwezi vimebadilishana mahali: 12/3 imekuwa 3/12. Kumbe ni kosa la kalamu. Lakini atalithibitishaje? Teresia anakwenda parokiani kuomba nakala kutoka kitabu cha ubatizo. Kitabu kinaonyesha alibatizwa Jumapili, 29 Juni 1986. Basi mtoto aliyebatizwa Juni hawezi kuwa alizaliwa Desemba ya mwaka huo huo! Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo ingeonyesha jambo hilo hilo.

Hapa tuna maneno mawili kwa Wakristo wetu. La kwanza, tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa. Tumeona watu ambao karani wa shule alinakili tarehe ya ubatizo, ikawafuata hadi kwenye kitambulisho. Someni kadi vizuri. La pili, msimwombe padre abadilishe kitabu kifanane na kitambulisho. Kitabu hicho kina nguvu kwa sababu hakijaguswa.

REKEBISHA KINACHOREKEBISHIKA

Teresia anaanza na kitambulisho. Anapeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya ubatizo katika ofisi ya usajili wa watu, anaomba tarehe irekebishwe. Anaweka nakala ya kitambulisho cha zamani na karatasi aliyopewa ya kusubiri, kwa sababu zinaonyesha siku aliyoanza kushughulikia jambo hili.

Halafu anakwenda chuoni. Kama kitabu cha chuo kina majina yake kamili, anaomba barua inayosema Teresa N. Wafula ndiye Teresia Nekesa Wafula aliyesajiliwa kwa nambari fulani. Kwa upande wa shule ya msingi anamwomba mwalimu mkuu barua kutoka kitabu cha kuandikisha wanafunzi, inayotaja nambari yake ya kuandikishwa na jina la mzazi. Vyeti vya mtihani vinabaki kama vilivyo, lakini sasa vina barua ya kuviunganisha.

Jambo moja usilifanye kamwe: usiguse cheti kwa kalamu, wembe wala wino mweupe. Ukifuta ile "h", cheti chako cha kweli kimegeuka kuwa cheti kilichochezewa, na swali la kwanza la karani utalishindwa.

HATI YA KIAPO

Sasa ndipo tunafika kwa afidaviti, yaani hati ya kiapo. Watu wengi huanzia hapa, wakidhani afidaviti inasahihisha cheti. Haisahihishi. Ni maelezo yako wewe chini ya kiapo, na hujibu lile swali la pili tu. Kwa hiyo nguvu yake hutoka kwa karatasi zilizobandikwa nyuma yake.

Afidaviti ya Teresia inataja jina lake kamili, nambari ya kitambulisho na anwani. Inataja kila cheti kwa jina lake, mwaka na nambari, pamoja na jina jinsi lilivyoandikwa humo. Inaeleza sababu ya kila tofauti kwa kadiri anavyoijua mwenyewe. Mwisho inasema majina haya yote ni ya mtu mmoja, na jina atakalotumia ni Teresia Nekesa Wafula.

Ukipewa karatasi iliyochapwa tayari, yenye maneno "majina yote yaliyo kwenye vyeti vyangu ni yangu" na basi, ikatae. Haitaji cheti hata kimoja, kwa hiyo haimwelezi karani lolote.

Kiapo huapwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, au mbele ya hakimu mahakamani. Unatia sahihi mbele yake. Usitie sahihi nyumbani kisha ukamtuma kijana akaigongeshe muhuri. Kabla ya kuondoka angalia mambo matatu: mahali na tarehe ya kuapa vimeandikwa, kila nakala iliyobandikwa ina alama yake na muhuri wa kamishna, na sahihi yake ipo. Kwa kuwa afidaviti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, asiyekielewa asomewe na kufafanuliwa kwanza, na hati yenyewe iseme kwamba amesomewa. Kuapa uongo ni kosa la jinai. Usiape kwamba cheti cha dada yako ni chako kwa sababu majina yanakaribiana.

Afidaviti ina mpaka wake. Aliyechukua jina la mumewe aambatanishe cheti cha ndoa. Na aliyeacha jina moja akachukua jingine kabisa, kwa mfano Wafula akawa Barasa bila ndoa, hiyo si tofauti ya maandishi. Anahitaji hati ya kubadili jina, ambayo hutayarishwa na wakili, husajiliwa kwa msajili wa hati na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya.

PELEKA, UGONGEWE MUHURI

Kazi haijaisha hati ikiwa kabatini. Teresia anaandika barua fupi kwa ofisi ya wafanyakazi: "Kabla ya kuhakikiwa kwa vyeti vyangu ningependa kuwafahamisha kuhusu tofauti zifuatazo." Anaorodhesha zile tofauti, anataja karatasi zilizoambatanishwa, na anasema kitambulisho kinarekebishwa. Anapeleka nakala mbili, moja ya ofisi na moja yake, na ya kwake inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huo muhuri ndio ushahidi kwamba alisema mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Na aliyekwisha pata barua ya uhakiki? Afuate njia hii hii, lakini apeleke ile barua fupi siku hiyo hiyo pamoja na orodha ya tofauti, aseme hati nyingine zinafuata. Asingoje zikamilike zote.

KAZI YA KIKUNDI

Katika mkutano ujao kila mwanachama alete vyeti vyake na vya watoto walio shuleni. Mkae wawili wawili, mmoja asome herufi kwa herufi, mwingine aandike, kisha mzungumze:

1. Ni tofauti zipi ni za herufi, zipi ni za jina lililoachwa, na zipi ni za tarehe?
2. Kwa kila tarehe yenye shaka, ni karatasi gani ya zamani inayoweza kuithibitisha, na iko kwa nani?
3. Nani ana mtoto anayeandikishwa mtihani mwaka huu? Mzazi huyo aende shuleni na cheti cha kuzaliwa, aone kwa macho yake jina lililoandikwa kabla orodha haijatumwa.

Swali la tatu ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote: kosa la herufi likipatikana kabla orodha haijaondoka shuleni, husahihishwa kwa kalamu ya mwalimu.