Wastani wa Bei Unaotiwa Nanga Siku ya Habari

Wastani wa bei unaochorwa kwenye chati nyingi za hisa huhesabu siku tu. Ukiwa wa siku 50, kila siku hupewa uzito uleule, iwe soko lilichangamka au lilizubaa. Wastani wa bei kwa uzito wa mauzo, ambao kwenye skrini huandikwa VWAP, hufuata njia nyingine. Kila bei huzidishwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa kwa bei hiyo, matokeo yote hujumlishwa, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya hisa zote zilizouzwa:

```
VWAP = Σ(P × V) / ΣV
```

Hapa P ni bei na V ni idadi ya hisa. Kwa kuwa chati haionyeshi kila muamala, P ya mshumaa mmoja kwa kawaida ni wastani wa bei yake ya juu, ya chini na ya kufungia. VWAP ya kawaida huanza upya kila asubuhi soko linapofunguliwa. Ile inayotiwa nanga huanza kwenye siku aliyoichagua mchoraji, kisha huendelea kujumlisha bila kufutwa: siku bei ilipofika bondeni na kugeuka, siku ilipogonga kilele, au siku habari nzito ilipotangazwa. Mfanyabiashara wa Marekani Brian Shannon ndiye aliyeieneza zaidi njia hii, na mwaka 2023 alitoa kitabu kizima juu yake.

Mstari huo hujibu swali moja: tangu tukio lile, waliouziana hisa hii wameuziana kwa bei gani kwa wastani? Bei ikiwa juu ya mstari, wanunuzi wa tangu siku hiyo, kwa wastani, wana faida. Ikiwa chini, wana hasara. Ndiyo maana bei inapourudia mstari, mara nyingi watu hushtuka. Bei ikishuka kutoka juu, aliyekosa kununua mwanzoni huona amepata nafasi ya kuingia kwa bei ya wenzake. Ikipanda kutoka chini, aliyekaa na hasara hupata mahali pa kutokea bila kupoteza, naye huuza. Mifuko mikubwa nayo hutumia VWAP kupima kama ilinunua vizuri, kwa hiyo macho yaliyo kwenye bei ya wastani ni mengi. Hata hivyo, wastani huu ni wa miamala, si wa wamiliki. Hisa iliyobadilisha mikono mara tano imehesabiwa mara tano, ingawa mwenyewe ni mmoja.

Mfano unaofundisha vizuri ni hisa ya kampuni ya Nvidia. Tarehe 24 Mei 2023 ilifunga kwa dola 305.38. Baada ya soko kufungwa, kampuni ilitangaza kwamba ilitarajia mapato ya dola bilioni 11 katika robo mwaka inayofuata, wakati wachambuzi walikuwa wakitarajia kama bilioni 7. Kesho yake hisa ilifunga kwa dola 379.80, imepanda takribani asilimia 24 kwa siku moja.

Nanga hiyo haiwekwi tarehe 24, ingawa ndiyo tarehe ya habari. Huwekwa tarehe 25, kwa sababu ndiyo siku ya kwanza ya soko ambapo kila muuzaji na mnunuzi alikuwa na habari hiyo. Tofauti yake si ndogo. Kwa namba za mfano tu, tuseme siku ya 25 ziliuzwa hisa milioni 10 kwa wastani wa dola 380, na siku ya 24 ziliuzwa milioni 4 kwa wastani wa dola 303. Nanga ikiwekwa sawasawa, mstari huanzia dola 380. Ikiwekwa siku moja mapema, siku hiyo ya 25 mstari husimama kwenye dola 358. Hizo 22 za tofauti zimetokana na watu waliouziana bila kujua lolote, na dola 358 haielezi gharama ya kundi lolote la maana.

Tuendelee na namba hizohizo. Siku ya pili zikiuzwa hisa milioni 4 kwa dola 390, na ya tatu milioni 3 kwa dola 400, jumla ya thamani ni dola milioni 6,560 kwa hisa milioni 17, na mstari unafika dola 385.88. Siku tatu za kupanda zimeusogeza kwa dola zisizofika sita, maana siku ya habari ilikuwa na mauzo mengi kuliko siku mbili zilizofuata kwa pamoja. Uzito huo huongezeka kadiri muda unavyokwenda. Zikishauzwa hisa milioni 100 kwa wastani wa dola 400, siku moja ya hisa milioni 2 kwa dola 450 huusogeza mstari hadi 400.98 tu. Ni mstari unaotembea, lakini kwa hatua fupi zaidi na zaidi. Nvidia ilipotoa matokeo mengine tarehe 23 Agosti 2023, tena baada ya soko kufungwa, palihitajika nanga mpya ya tarehe 24, maana swali la soko lilikuwa limebadilika.

Mwinamo wa mstari huwapotosha wengi. Wastani hupanda pale tu bei mpya inapokuwa juu yake, na hushuka pale tu inapokuwa chini. Kwa hiyo anayesema bei iko juu ya mstari na tena mstari unapanda amesema jambo moja mara mbili. Ushahidi ulio tofauti kweli ni jinsi bei inavyofanya inapougusa. Je, imefunga siku chini ya mstari au imepenya kwa dakika chache na kurudi? Ikiwa imefunga chini, je, jaribio la kurudi juu limeshindwa huku mauzo yakiwa mengi? Mambo hayo mawili yakitokea pamoja, mstari uliokuwa tegemeo la bei umekuwa kizuizi. Kugusa tu hakutoshi, kwa kuwa wastani ni eneo la bei, si senti fulani.

Nanga ya bonde au kilele ina udhaifu ambao nanga ya habari haina. Siku ya habari inajulikana siku hiyohiyo. Bonde hujulikana baada ya bei kupanda. Anayezipitia chati za zamani na kutia nanga kwenye mabonde yote yaliyofanikiwa ataona mistari ikifanya kazi ajabu, kwa sababu mabonde yaliyobomoka hakuyahesabu. Jaribio la haki ni kuandika nanga kabla ya bei kurudi kwenye mstari, na kuihesabu hata ikishindwa. Vilevile, chati yenye nanga kumi itakuwa na mstari karibu na kila bei, na hapo hakuna mstari unaosema kitu.

Takwimu nazo hukaguliwa. Juni 2024 Nvidia iligawanya kila hisa kuwa 10, hivyo ile dola 379.80 sasa huonekana kwenye chati kama 37.98. Bei ikigawanywa kwa 10, idadi ya hisa za zamani lazima izidishwe kwa 10. Chati iliyorekebisha upande mmoja tu hutoa wastani wa uongo, na dalili yake ni mstari kujipinda ghafla kuanzia tarehe ya mgawanyo. Kwenye soko la fedha za kigeni tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna soko moja linalokusanya mauzo yote. Kile ambacho broka huonyesha kama wingi wa mauzo mara nyingi ni idadi ya mara ambazo bei ilibadilika kwenye mtambo wake, kwa hiyo mistari ya mabroka wawili yenye nanga moja inaweza kutofautiana. Na kwa hisa inayouzwa kwa nadra, muamala mmoja mkubwa uliopangwa pembeni kati ya wawekezaji wawili unaweza kuuvuta mstari mzima kwenda kwenye bei ambayo watu wengine hawakuwahi kuitumia.